Pembe katika nusu duara ni pembe mraba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Katika majibu yote hapa chini, O ni kitovu cha duara, AB ni kipenyo, na P ni nukta iliyo kwenye mzingo wa duara. Pembe APB ni pembe iliyo kwenye P, kati ya mistari PA na PB. Ni vizuri uwe na karatasi, bikari na rula, uchore kadiri unavyosoma.

Nadharia yenyewe inasema nini?

Chora duara, kisha chora mstari unaopita kwenye kitovu O na kugusa mzingo pande zote mbili. Hicho ndicho kipenyo AB, nacho kinaligawa duara katika nusu mbili. Chagua nukta P popote kwenye mzingo, isipokuwa pale palipo na A au B. Unganisha P na A, halafu P na B. Pembe APB itakuwa nyuzi 90, yaani pembe mraba.

P ikisogea kuelekea A, upande PA unafupika na PB unarefuka, na pembe zilizo kwenye A na B zinabadilika. Pembe iliyo kwenye P haibadiliki. Inabaki nyuzi 90 hata P ikiwa karibu sana na A kiasi kwamba pembetatu inaonekana kama mstari mwembamba.

Inathibitishwaje?

Siri yote iko kwenye mstari mmoja wa ziada: unganisha O na P. Ukishauchora, unahitaji mambo mawili tu unayoyajua tayari. La kwanza, pembetatu ikiwa na pande mbili zilizo sawa, pembe zinazotazamana na pande hizo nazo ni sawa. La pili, jumla ya pembe za pembetatu ni nyuzi 180.

Mstari OP umeigawa pembetatu kubwa APB katika pembetatu mbili ndogo. Tazama ya kwanza, AOP. Pande zake OA na OP zote ni nusukipenyo, kwa hiyo ni sawa. Basi pembe iliyo kwenye A ni sawa na pembe OPA. Iite kila moja x.

Sasa tazama pembetatu BOP. OB na OP nazo ni nusukipenyo, kwa hiyo pembe iliyo kwenye B ni sawa na pembe OPB. Iite kila moja y.

Kwa kuwa O iko kati ya A na B, mstari PO unapita ndani ya pembe APB na kuigawa sehemu mbili. Basi pembe APB nzima ni x + y. Rudi kwenye pembetatu kubwa: kwenye A kuna x, kwenye B kuna y, na kwenye P kuna x + y. Jumla yake ni nyuzi 180:

x + y + (x + y) = 180
2(x + y) = 180
x + y = 90

Na x + y ndiyo pembe APB yenyewe. Uthibitisho umekamilika.

Hatukuzipa x na y thamani yoyote, na hapo ndipo nguvu ya uthibitisho huu ilipo. Hoja ni ileile P ikiwa popote kwenye mzingo.

Kwani x na y si nyuzi 45 kila moja?

Hapana, isipokuwa P ikiwa mahali ambapo OP imesimama wima juu ya AB. Hapo tu ndipo PA na PB zinakuwa sawa. Kosa hili huzaliwa na michoro, kwa sababu wengi huchora P juu kabisa ya nusu duara, katikati, kisha jicho linazoea kwamba OP inaikata pembe APB nusu kwa nusu. Dawa yake ni kuchora P upande mmoja makusudi, karibu na A au karibu na B. Mchoro usiolingana pande zote mbili haukudanganyi kirahisi.

Kwa nini nisipime tu kwa kipimapembe, nikaona ni 90?

Kupima kunakuonyesha pembe moja ya mchoro mmoja, tena kwa usahihi wa takribani nyuzi moja. Kipimapembe cha kawaida hakiwezi kukutenganishia nyuzi 90 na nyuzi 89.7.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana kwa jicho. Chukua duara lenye nusukipenyo cha sentimita 5, hivyo kipenyo ni sentimita 10. Tuseme mstari wako AB umekikosa kitovu kwa milimita 1.7 hivi. Urefu wake utakuwa takribani sentimita 9.99, na kwa rula utausoma 10 bila wasiwasi. Lakini AB huo si kipenyo, na pembe iliyo kwenye P itakuwa nyuzi 88 ukiichora P upande mmoja, au nyuzi 92 ukiichora upande wa pili. Ukipima ukapata 88, usiilaumu nadharia. Angalia kwanza kama mstari wako kweli unapita kwenye tundu la sindano ya bikari.

Mstari AB usipokuwa kipenyo, pembe inakuwa ngapi?

Mstari unaounganisha nukta mbili za mzingo bila kulazimika kupita kwenye kitovu huitwa ugwe. Kipenyo ni ugwe uliopita kwenye kitovu. Ugwe wa kawaida unalikata duara katika sehemu mbili zisizo sawa, moja kubwa na moja ndogo. P ikiwa kwenye tao la sehemu kubwa, pembe APB ni ndogo kuliko 90. Ikiwa kwenye tao la sehemu ndogo, ni kubwa kuliko 90.

Kwa mfano, ikiwa pembe AOB kwenye kitovu ni nyuzi 140, basi P iliyo kwenye tao kubwa inapata nusu yake, nyuzi 70. Iliyo kwenye tao dogo inapata 180 − 70, yaani nyuzi 110. Kipenyo ndicho mpaka kati ya hali hizi mbili: pembe kwenye kitovu imenyooka, nyuzi 180, na nusu yake ni 90. Kwa hiyo ukiwa umeshasoma kwamba pembe ya kitovu ni mara mbili ya pembe ya mzingo, nadharia yetu ni hali moja maalumu ya hiyo.

Hili ndilo kosa linalopoteza alama nyingi kuliko yote. Mwanafunzi anaona pembetatu ndani ya duara, anaandika 90 mara moja. Kabla ya kuandika, tafuta kwenye swali neno “kipenyo”, au maelezo kwamba O iko kwenye mstari AB. Kama havipo, na hakuna njia ya kuvithibitisha, huna ruhusa ya kutumia nadharia hii.

Na P ikiwa ndani ya duara, au nje yake?

Ikiwa ndani, pembe APB inazidi 90. Ili kuona sababu, refusha AP mpaka ikutane na mzingo kwenye Q, kisha unganisha Q na B. Q iko kwenye mzingo, kwa hiyo pembe AQB ni 90. Katika pembetatu PQB, pembe APB iko nje ya pembetatu hiyo, hivyo ni sawa na jumla ya pembe mbili za ndani zilizo mbali nayo: 90 pamoja na pembe PBQ. Lazima izidi 90.

Ikiwa nje ya duara, hoja ya namna hiyohiyo inatoa pembe iliyo chini ya 90. Basi, ukitazama kutoka upande wowote wa AB, mzingo ndio mahali pekee ambapo kipenyo kinaonekana kwa pembe mraba kamili.

Nikipewa pembe moja, nazipataje nyingine?

Tuseme pembe PAB ni nyuzi 34. Pembe APB ni 90 kwa kuwa iko katika nusu duara. Basi pembe PBA ni 180 − 90 − 34, yaani 56. Njia ya mkato ni kukumbuka kwamba pembe za A na B zinakamilisha 90, hivyo 90 − 34 = 56.

Swali likiuliza pembe zilizo kwenye kitovu, rudi kwenye mstari OP. Katika pembetatu AOP, pembe OPA ni 34 pia, kwa kuwa OA = OP. Kwa hiyo pembe AOP ni 180 − 68, yaani 112. Na pembe BOP ni 180 − 112, yaani 68, kwa kuwa AOB ni mstari ulionyooka. Hakiki kwa pembetatu BOP: 68 + 56 + 56 = 180. Imekaa sawa.

Angalia mahali ambapo 90 imetumika na mahali ambapo haikutumika. Iko kwenye P, kati ya PA na PB. Pembe za kitovu, AOP na BOP, hazina sababu ya kuwa 90. Wapo wanaoihamishia 90 kwenye O kwa sababu tu O iko katikati ya mchoro.

Mfano mgumu kidogo unafanywaje, hatua kwa hatua?

AB ni kipenyo cha duara lenye kitovu O. Nukta C iko kwenye mzingo juu ya AB, na D iko kwenye mzingo chini ya AB. Pembe CAB ni nyuzi 35 na pembe ABD ni nyuzi 48. Tafuta pembe CBD, pembe CAD, na pembe ACD.

Anza kwa kuweka alama ya pembe mraba mahali inapostahili. Kipenyo kimoja kinahudumia nusu duara zote mbili, kwa hiyo pembe ACB ni 90 na pembe ADB ni 90. Wengi huona ile ya juu tu na kuisahau ya chini.

Pembetatu ABC: pembe ABC = 90 − 35 = 55.
Pembetatu ABD: pembe BAD = 90 − 48 = 42.

Sasa unganisha. Pembe CBD ni ABC na ABD kwa pamoja: 55 + 48 = 103. Pembe CAD ni 35 + 42 = 77. Hakiki kwa umbo la pembe nne ACBD: 77 + 90 + 103 + 90 = 360. Hesabu imefunga.

Imebaki pembe ACD. Hapa nusu duara peke yake haitoshi, kwa sababu CD si kipenyo. Hata mtu akiona CD inapita karibu na O kwenye mchoro, asiikubali. Tunarudi tena kwenye nusukipenyo: chora OC na OD.

Katika pembetatu AOC, OA = OC, kwa hiyo pembe ACO ni 35. Pembe COB iko nje ya pembetatu hiyo, hivyo ni 35 + 35 = 70. Katika pembetatu BOD, OB = OD, kwa hiyo pembe ODB ni 48 na pembe BOD ni 180 − 96 = 84. Basi pembe COD, ile inayofungukia upande wa B, ni 70 + 84 = 154.

Pembetatu COD ina OC = OD. Pembe OCD ni (180 − 154) ÷ 2 = 13.

Je, ACD ni 35 + 13 au 35 − 13? Usikisie. Pembe COD iliyofungukia upande wa B ni 154, chini ya 180. Hiyo ina maana kwamba O iko upande wa A wa mstari CD. Kwa hiyo CO imelala kati ya CA na CD, na tunajumlisha: pembe ACD = 35 + 13 = 48.

Jibu hilo lina ushahidi mwingine. ACD na ABD zote zinasimama juu ya tao lilelile AD, na pembe za namna hiyo ni sawa. ABD tulipewa 48. Anayeijua kanuni hiyo angeandika 48 kwa mstari mmoja. Bado njia ndefu inafaa kuifanya angalau mara moja, maana inaonyesha kwamba nusukipenyo na pembetatu za pande mbili sawa zinatosha kufika huko.

Pembe zikitolewa kwa x je?

Mfano: AB ni kipenyo, pembe PAB ni 2x + 10 na pembe PBA ni 3x − 5, zote kwa nyuzi. Pembe hizi mbili zinakamilisha 90, si 180:

(2x + 10) + (3x − 5) = 90
5x + 5 = 90
x = 17

Pembe ni 44 na 46, na jumla yake ni 90 kama inavyotakiwa.

Anayelinganisha na 180 atapata x = 35, na pembe za 80 na 100. Namna ya kugundua kosa ni rahisi: ongeza 90 ya P, na jumla inakuwa 270. Hakuna pembetatu ya namna hiyo. Isitoshe, katika pembetatu yenye pembe mraba, hizo nyingine mbili lazima kila moja iwe chini ya 90, hivyo 100 peke yake ingetosha kukushtua.

Kosa la pili ni kuishia kwenye x = 17 wakati swali limeuliza pembe. Rudisha x kwenye maelezo ya awali ndipo uandike jibu.

Je, kinyume chake ni kweli? Pembe ikiwa 90, AB ni kipenyo?

Ndiyo. Chukua pembetatu APB yenye pembe mraba kwenye P, na weka M katikati ya AB. Kutoka A chora mstari sambamba na PB, na kutoka B mstari sambamba na PA. Mistari hiyo inakutana kwenye Q, na umbo APBQ ni mstatili, kwa kuwa lina pande sambamba na pembe moja ya nyuzi 90. Ulalo wa mstatili ni mbili, AB na PQ, zina urefu sawa na zinakatana katikati. Mahali zinapokatana ni M. Basi MA, MB na MP ni sawa, na duara lenye kitovu M linapita kwenye A, P na B. Ndani ya duara hilo, AB ni kipenyo.

Matumizi yake ni kupata kitovu cha duara usilojua lilichorwa kutoka wapi, mathalani duara lililochorwa kwa kuzungushia kopo. Weka kona ya karatasi yenye pembe mraba juu ya mzingo. Tia alama pale kingo mbili za karatasi zinapoukata mzingo, kisha unganisha alama hizo kwa rula. Umepata kipenyo. Sogeza kona mahali pengine, rudia, upate kipenyo cha pili. Vinapokatana ndipo kitovu kilipo. Chagua mahali pa pili ambapo vipenyo viwili vitakatana kwa pembe kubwa. Vikikaribiana sana kuwa mstari mmoja, upana wa ncha ya penseli tu unatosha kukusogeza milimita kadhaa kutoka kwenye kitovu.

Kwenye mtihani niandike sababu gani?

Andika: “Pembe APB = 90°, pembe katika nusu duara, AB ni kipenyo.” Maneno matatu ya mwisho ndiyo yanayoonyesha kwamba sharti limetimia. Kuandika “90° kwa sababu iko kwenye duara” si sababu, kwani pembe nyingi zilizo kwenye duara si 90. Kwa pembetatu za nusukipenyo, taja pande zenyewe: “pembe OAP = pembe OPA, kwa kuwa OA = OP, nusukipenyo.”

Kwa nini wengine huiita nadharia ya Thalesi?

Kwa sababu waandishi wa kale walimhusisha nayo Thalesi wa Mileto, aliyeishi karne ya 6 kabla ya Kristo. Jina hilo lina mtego mdogo. Katika vitabu vya Kifaransa na baadhi ya lugha nyingine, “nadharia ya Thalesi” ni jambo tofauti kabisa, linalohusu mistari sambamba inayokata pande za pembetatu kwa uwiano mmoja. Ukikutana na jina hilo, soma kwanza maelezo yake ujue ni ipi inayozungumzwa, na katika kazi yako tumia “pembe katika nusu duara”, lisiloweza kueleweka vibaya.